Kengele ni ya wastani, siyo ya dadu

Mwandishi, hapo uliposema dadu ikirushwa mara nyingi matokeo huchukua umbo la kengele, sikubaliani. Rusha hata mara 10,000, namba 1 hadi 6 zitabaki karibu sawa. Kengele ni ya wastani. Hapa Bariadi nawapa wanafunzi dadu za ludo, warushe nne kwa pamoja, waandike wastani, warudie. Wastani wa 1 una njia moja tu kati ya 1,296, yaani zote nne zilale kwenye 1, wa 3.5 una njia 146, ndiyo maana katikati panajaa. Na wewe uliyeuliza kuhusu mavuno ya pamba, sampuli ya wakulima wanne haitoshi: wachache wenye mashamba makubwa huvuta mkia kulia, anza na hamsini hivi, tena wachaguliwe kwa kura.