Hukujiunga na Chama? Mkataba Bado Unakuhusu

Wasee wa Meru na Embu, hebu tuelewane. Binamu yangu anafanya kazi kwa kiwanda fulani huku Imenti. Chama cha wafanyakazi kilipata mkataba mpya, mshahara wake ukapanda shilingi 1,800. Alafu akaona amekatwa 200, akanipigia simu akiwaka: "Mimi si mwanachama, mkataba wao unanihusu nini?"

Unakuhusu, buda. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinasema mkataba wa pamoja unawafunga wafanyakazi wote wa mwajiri huyo wenye wanaruhusiwa kujiunga na chama, si wanachama peke yao. Ukishasajiliwa kortini, masharti yake yanaingia kwenye kandarasi yako ya kazi. Ndiyo maana hiyo 1,800 ilikufikia, na uliipokea bila kuuliza imeletwa na nani.

Zile 200 ni ada ya uwakala, kifungu cha 49. Mwenye hajajiunga analipia kazi ya kujadiliana aliyofanyiwa. Kutaka nyongeza na kukataa ada ni kula halafu unatoroka kuosha vyombo.

Lakini chama nacho kisituchezee. Ada haikatwi kwa sababu katibu ameandika barua; lazima Waziri wa Leba atoe agizo kwa mwajiri. Kwa hivyo, binamu, nenda ofisini uulize: mkataba umesajiliwa? Agizo la waziri liko wapi? Kama agizo halipo, dai 200 zako. Ile 1,800 inabaki yako.