Lori la Komona si Lori la Walioshindwa

Watazamaji wengi wa filamu za vita huamini kwamba filamu isiyoishia kwenye ushindi imeishia kwenye kushindwa, na kwamba ukimya wa dakika zake za mwisho ni dalili ya mwongozaji aliyekata tamaa, kama si aliyeishiwa fedha. Imani hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wanachama wa klabu ya filamu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na wenzao wanaokuja kutoka Lilongwe, waihesabu Rebelle kuwa hadithi ya msichana aliyeshindwa na maisha. Barua hii, ambayo mwandishi wake ni mwanachama wa klabu hiyohiyo, inashikilia kwamba hukumu hiyo haina msingi ndani ya filamu yenyewe, bali imeletwa ukumbini na watazamaji.

Rebelle, yaani Mwasi, iliongozwa na Kim Nguyen wa Kanada, ikapigwa picha nchini Kongo na kutoka mwaka 2012, ingawa nchi ya hadithi haitajwi jina. Mhusika wake mkuu, Komona, anachezwa na Rachel Mwanza, binti aliyekuwa ameishi mitaani Kinshasa kabla ya kuigiza, na ambaye mwaka huohuo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Filamu imegawanywa kwa umri wa Komona: miaka 12, 13 na 14. Akiwa na miaka 12 waasi wanavamia kijiji chake na kumlazimisha awapige risasi wazazi wake, kwa tishio kwamba asipofanya hivyo watauawa kwa panga. Kisha watoto waliotekwa wanaambiwa kwamba tangu siku hiyo bunduki ndiyo mama yao na baba yao. Akiwa na miaka 13 anatoroka na kijana aitwaye Mchawi, wanapendana, wanaoana, na kijana huyo anauawa. Akiwa na miaka 14 ana mimba ya kamanda aliyemteka mara ya pili, anamuua kamanda huyo, anajifungua, anarudi kijijini kuwazika wazazi wake, kisha anapanda lori pamoja na mtoto.

Wanaosema kwamba Komona ameshindwa wanaanza hesabu yao kwa mambo ya kweli, na barua hii haitaki kuyaficha: vita havijaisha, kiongozi wa waasi anayeitwa Chui Milia Mkuu hajakamatwa, biashara ya koltani inaendelea, wala hakuna mahakama iliyomsikiliza msichana huyo. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba hayo ndiyo maswali ambayo filamu iliahidi kuyajibu. Katika vibanda vya video watazamaji wa Kiswahili wamezoea filamu yenye stelingi, yaani shujaa ambaye sharti asife na sharti alipize kisasi, na wamezoea pia sauti ya mfasiri wa aina ya Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, ambaye panapotokea kimya hukijaza kwa maneno yake mwenyewe. Mazoea hayo yana raha yake, lakini si kipimo cha kila filamu.

Rebelle ina sauti ya msimulizi, yaani maneno ya mhusika yanayosikika juu ya picha bila yeye kuonekana akiyatamka, na tangu mwanzo sauti hiyo haisemi na mtazamaji bali na mtoto aliye tumboni. Komona anamweleza mtoto huyo kwamba hajui kama Mungu atamjalia nguvu ya kumpenda atakapozaliwa. Hilo ndilo swali la filamu nzima, nalo linaulizwa kabla risasi ya kwanza haijasikika; kwa hiyo mtu anayetaka kupima mwisho wake hana budi kuuliza kama mama huyo ameweza kumbeba mtoto wa adui yake akiwa hai, na si kama jeshi fulani limeshinda. Jibu linaonekana waziwazi katika dakika za mwisho, ila halitangazwi kwa tarumbeta.

Tukio la mazishi linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi. Katika filamu yote Komona anawaona wafu: watu waliopakwa rangi nyeupe mwili mzima, wenye macho meupe, wanaosimama kati ya miti, na miongoni mwao wamo wazazi wake, wanaotaka arudi kuwazika. Anapofika kijijini hakuna miili ya kuzikwa, na anachopata ni kitana cha mama yake na kipande cha shati la baba yake, ambavyo anavifukia ardhini. Mtazamaji wa Lilongwe aliyezoea mazishi yenye jeneza anaweza kuona hapo umaskini tu, lakini Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Dzaleka, ambao wengi wao wamefanya matanga ya ndugu waliolala mahali pasipofikika, wanajua kwamba msiba usio na maiti ni msiba kamili na kwamba mtu hulazimika kuufunga kwa alichonacho. Zaidi ya hayo, kwa tendo hilo Komona anatengua amri aliyopewa akiwa na miaka 12, kwa kuwa anayezika kitana na shati anakiri kwamba wazazi wake walikuwa watu, na kwamba bunduki haikuwa mama yake wala baba yake kamwe.

Baada ya hapo ndipo linapokuja lori, ambalo lugha ya barabara za Malawi ingeliita matola. Abiria mwanamke anampokea mtoto, na Komona analala. Walioona hapo kuchoka na kusalimu amri wamesahau jinsi usingizi ulivyotumika kabla ya hapo: msichana huyo ameishi miaka miwili akiandamwa na mizimu na kulindwa na wanaume wenye silaha, na sasa anafumba macho kati ya watu asiowajua, akiwa amemwacha mwanawe mikononi mwa mmoja wao. Mtu aliyekata tamaa hamkabidhi mgeni mtoto wake kisha akalala.

Itasemwa kwamba hilo ni tumaini dogo mno, na kweli ni dogo. Lakini kama tumaini ni lazima lisubiri dola zimalize mambo yao, basi Dzaleka haina ruhusa ya kuwa nalo, maana Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yanayobana haki ya mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako, na kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000.

Jambo la kushangaza ni kwamba watazamaji walewale wanaomsikitikia Komona huitaja Hotel Rwanda, filamu ya Terry George ya mwaka 2004, kama mfano wa mwisho wenye ushindi. Filamu hiyo inafungwa kwa familia kuwapata watoto wa ndugu yao kambini na kuelekea kwenye mabasi ya wakimbizi yanayokwenda Tanzania, huku muziki ukipanda. Katika filamu hiyo, Rwanda wanayoiacha bado inaungua. Katika Rebelle, Komona hakimbii tena yeyote. Anayelipigia makofi basi la wakimbizi na kulililia lori la Komona anapaswa kueleza ni nini hasa kilichomfurahisha katika filamu ya Terry George: ni watu wale kuokoka, au ni muziki?