Nani Atapima Damu ya Wachumba?

Mwaka 1947 Andrea Perez na Sylvester Davis, Wakatoliki wa Los Angeles kule Amerika, waliomba kibali cha ndoa wakanyimwa. Andrea, mwenye asili ya Meksiko, alihesabiwa kuwa mweupe. Sylvester alikuwa mweusi. Sheria ya jimbo la Kalifornia ilimkataza mweupe kuoana na mweusi, chotara, “Mmongolia” au “Mmalai”.

Lakini nani aliamua nani ni nani? Mwaka 1933 mahakama ilisema kwamba Mfilipino si Mmongolia, hivyo aweza kuoa mweupe. Mwaka huohuo Bunge la jimbo likaongeza neno “Mmalai” ili kumzuia. Mtu alibaki yuleyule. Jina alilopewa ndilo lililobadilika.

Wakili wa wachumba wetu, Daniel Marshall, kiongozi wa chama cha walei Wakatoliki, alidai kwamba serikali inawazuilia Sakramenti ambayo Kanisa haliwanyimi. Tarehe 1 Oktoba 1948 majaji 4 kati ya 7 waliitangua sheria ile. Jaji Roger Traynor alionyesha kwamba haikueleza hata ni kiasi gani cha damu ya Kiafrika kinachomfanya mtu awe chotara. Je, karani aamue kwa kumtazama mtu usoni, au kwa kuchunguza mababu zake?

Sisi tunaona kwamba hata kipimo kamili kingekuwa dhuluma. Hapa Lubumbashi hakuna sheria kama hiyo. Lakini tunapouliza kwanza kama mchumba ni wa Kasai au wa Katanga, tumekalia kiti cha karani yule.