Mtafiti si Mgeni Rasmi, ni Mdeni

Wadau, leo nina jambo limenikaa rohoni tangu turudi fildi, na nisipoliandika sitalala. Ni kuhusu ule utambulisho wa mtafiti siku anaporudi kijijini kusoma matokeo kwa watu waliompa majibu yao, muda wao na wakati mwingine damu yao. Ule utambulisho tunaoupiga makofi. Mimi nasema unaharibu mkutano mzima kabla mtafiti mwenyewe hajafungua mdomo.

Mnaujua unavyokwenda. Meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa. Mtendaji anasimama, itifaki inazingatiwa kwa dakika kumi, halafu anaanza: "Leo tuna bahati ya pekee, tumetembelewa na mgeni wetu, msomi mkubwa, Daktari fulani, ametoka chuo kikuu, amesoma mpaka Ulaya, amekuja kutuletea matokeo, tumshukuru kwa kutuchagua sisi, makofi tafadhali, na kigelegele akina mama!" Kila mtu anaona heshima imetendeka. Kumbe hapo wananchi wameshaambiwa mambo manne yasiyo kweli.

La kwanza ni hilo neno daktari. Sisi wa chuoni tunajua kuna daktari wa shahada ya uzamivu na kuna daktari wa kutibu. Bibi aliyetembea saa nzima kuja mkutanoni hana sababu ya kujua hilo. Kwake daktari ni daktari. Mkutano ukiisha anakwenda kumwonyesha goti. Akiambiwa "mimi si wa kutibu," anaondoka akijiuliza kwa nini basi mtu huyo alichukua damu.

La pili ni neno matokeo. Jamani, sisi wa ualimu ndio tungepaswa kuliona mapema. Katika nchi hii matokeo ni ya mtihani. Ukiwaambia wazazi waje kusikia matokeo ya utafiti wa kusoma uliofanyika darasa la tatu, wanakuja kusikia mtoto wa nani kafaulu na wa nani kafeli. Wanakaa saa mbili wakisikiliza asilimia, jina halisomwi, wanaondoka wakiamini wamefichwa kitu.

La tatu ni "kutuchagua". Mara nyingi kijiji na kaya hupatikana kwa bahati nasibu, kama kuchomoa karatasi kwenye kofia. Ukisema tumechaguliwa, jirani ambaye karatasi yake haikutoka anajiona amebaguliwa, na aliyetoka anajiona amependwa, kwa hiyo anasubiri zawadi.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni mgeni. Mgeni hadaiwi. Mgeni hukaribishwa, hulishwa na kusindikizwa. Nani kati yetu alilelewa kumuuliza mgeni, "Mbona ulituambia utarudi baada ya mwaka mmoja na sasa ni wa tatu?" Ukimpa mtafiti ugeni rasmi umemkinga na maswali. Lakini siku ya mrejesho hakuja kutembea. Alikopa, anakuja kulipa. Hata Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, katika toleo la 2013, linasema washiriki wote wa utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake ya jumla. Hiyo si hisani. Ni deni.

Tuchukue mfano wenye namba za wazi, ule utafiti wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S uliofanyika Korogwe kwa upande wetu na Kilifi kwa Wakenya, ukachapishwa Desemba 2008. Simsemi mtu yeyote aliyetambulisha au kutambulishwa kule. Nazitumia namba zake tu kuonyesha jinsi maneno matatu ya mtendaji yanavyoweza kupotosha wazazi wa kijiji kizima.

Watoto walikuwa 894, wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Kwa bahati nasibu, kundi moja lilichomwa chanjo iliyokuwa ikijaribiwa, na kundi la pili likachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili kuwe na cha kulinganisha nacho. Wakafuatiliwa kwa takribani miezi 8. Katika hesabu kuu, kwenye kundi la chanjo ya malaria waliugua watoto 32 kati ya 402, na kwenye kundi la kichaa cha mbwa waliugua 66 kati ya 407. Kwa lugha ya nyumbani, katika kila watoto mia moja waliopata chanjo ya majaribio waliugua kama wanane, na katika mia moja wa upande wa pili waliugua kama kumi na sita. Watafiti wenyewe waliandika kinga ya asilimia 53.

Sasa weka hapo mbele utambulisho wetu wa kawaida: "Huyu ndiye daktari aliyetuletea chanjo ya malaria." Mzazi ameshafunga hesabu. Malaria imekwisha, mtoto wangu amekingwa, neti nikafugie vifaranga. Hata mtafiti akija kusema vizuri kiasi gani kwamba wanane katika mia bado waliugua, anashindana na sentensi iliyotangulia, iliyosemwa na mtu wa nyumbani, kwa sauti kubwa, ikapigiwa makofi. Na mzazi ambaye mtoto wake alikuwa kundi la pili? Kama hakumbuki yale maelezo ya siku ya kutia saini, leo anasikia neno "mbwa" kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo maneno ya mumiani yanapozaliwa, halafu tunasema wananchi ni washirikina.

Msidhani miezi 8 ndiyo ilikuwa mwisho wa habari. Watoto wa Kilifi waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2016 ikachapishwa kwamba ukihesabu miaka yote 7 kinga ilishuka mpaka asilimia 4.4. Na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo kwa watoto, lilisema dozi nne. Kwa hiyo anayemtambulisha mtafiti leo asifunge mlango ambao utafiti wenyewe haujaufunga. Aseme hiki ndicho kilichoonekana mpaka sasa.

Haya, mtaniuliza, wewe ungesemaje? Ningefanya hivi. Siku moja kabla ya mkutano, atakayetambulisha akae na mtafiti amuulize mambo matano tu: ulichukua nini kwetu, uliahidi nini, nani alikulipia, leo umekuja na nini, na nini hukuja nacho. Majibu hayo ndiyo utambulisho. Wasifu wake abaki nao kwenye begi. Kwa ule mfano wetu ungekuwa hivi:

"Baba zangu na mama zangu, shikamooni. Huyu hapa anaitwa fulani. Ni mtafiti, hakuja kutibu. Alipita kwa baadhi yetu akaomba watoto washiriki, na ni akina nani si habari ya leo. Alikuwa anataka kujua kama chanjo mpya inapunguza malaria, maana wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika. Watoto wengine walipata hiyo, wengine walipata ya kichaa cha mbwa. Iliamuliwa kwa bahati nasibu, hakuna aliyependelewa. Damu ilichukuliwa, na leo atatuambia ilikuwa kiasi gani kwa kipimo cha kijiko cha chai, na ilipimwa nini. Kazi ililipiwa na shirika la PATH pamoja na kampuni ya GlaxoSmithKline inayoitengeneza chanjo hiyo, tulijue hilo. Aliahidi kurudi kutuambia alichokiona. Leo karudi. Hakuja na chanjo ya kugawa wala mradi wa kisima. Mtoto wako alikuwa kundi gani utamuuliza pembeni, wewe peke yako. Akisema neno hulielewi, mkatize."

Nimesoma kwa sauti, ni kama dakika moja na nusu. Hakuna aliyetukanwa. Na mtafiti akisimama, anasimama mahali pa kweli.

Angalieni hapo kwenye "akina nani si habari ya leo". Nimewahi kusikia mtambulishaji akisema, "Washiriki wetu wasimame tuwaone!" Kha! Ukiwa utafiti wa ukubwa wa viazi, sawa. Ukiwa wa Ukimwi, wa kifua kikuu, wa mimba za wanafunzi, umewatangaza watu mbele ya wakwe zao. Siri iliyolindwa kwa namba miaka mitatu inavunjwa kwa sentensi moja ya kuchangamsha mkutano.

Na nani atambulishe? Mimi nasema si mtendaji. Wananchi wanamjua mtendaji kwa michango na faini, mbele yake watu wanajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Awe mtu anayeishi pale, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu au mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mtu ambaye kesho asubuhi utamkuta kisimani na kumwambia, "Jana mlituambia hivi, mbona hivi?" Gari la mtafiti likishaondoka, yeye ndiye anabaki na maneno.

Najua nitajibiwa kwamba mila zetu zinataka mkubwa atajwe kwa ukubwa wake. Sawa, lakini mkubwa kwenye mkutano ule ni nani? Ni kijana mwenye shahada, au ni mzee aliyeacha palizi akae kujibu maswali ya kurasa ishirini bila hata chai? Heshima ya mdeni ni kutaja deni lake na kulilipa. Wengine watasema mtafiti ajitambulishe mwenyewe yaishe. Lakini deni likitajwa na mdeni peke yake, analitaja kwa kipimo chake.

Mkitaka kujua utambulisho uliharibika, sikilizeni swali la kwanza la wananchi. Likiwa "mtatusaidiaje zahanati yetu?", mlimtambulisha mfadhili. Likiwa "mwanangu kapata ngapi?", mlitangaza mtihani. Wakikaa kimya wakapiga makofi, mlileta mgeni rasmi. Lakini mama akisimama nyuma kabisa akauliza, "Hao wanane walioumwa, waliumwa kwa nini wakati walichanjwa?", hapo jueni mtafiti ametambulishwa.

Naomba kuwasilisha.