Jani Lina Madoa ya Manjano, na Kila Mtu Ati Ana Uhakika

Picha ilitumwa kwa grupu ya mtaa, hapa Utange. Jani moja la mhindi, limepigwa karibu sana, limejaa vidoa vya manjano. Chini yake maneno manne tu: "Hapa shida ni nini?" Dakika kumi baadaye majibu yalikuwa tele. Mmoja anasema ni njaa ya mbolea, mwaga yurea. Mwingine anasema kutu, enda agroveti ununue dawa ya kuvu. Wa tatu, bila hata salamu: ng'oa shamba lote, huo ni ule ugonjwa wa Bomet.

Sasa niulize. Watu watatu, picha moja, majibu matatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyesema "huenda." Tena hakuna aliyeuliza jani lenyewe limetoka wapi kwenye mmea. Mimi hapo ndipo naona shida. Anayeuliza atatoa pesa mfukoni kufuata jibu la mmoja wenu, na dawa ya kuvu haiui virusi, yurea haiui virusi, na kung'oa mahindi yaliyokuwa na njaa tu ya mbolea ni kutupa ugali wa watoto.

Picha ya jani moja inaweza kukupa orodha ya washukiwa. Haikupi mwenye hatia. Na orodha yenyewe kwa madoa ya manjano si fupi: virusi vya michirizi, kutu ambayo bado haijapasuka, utitiri wanaofyonza jani kutoka chini, upungufu wa madini kama magnesiamu, na huo wa Bomet.

Kitu cha kwanza kinachopunguza orodha ni rahisi mpaka unachekesha: jani ni la juu au la chini? Mmea ukikosa nitrojeni au magnesiamu, unanyang'anya majani yake ya zamani upeleke kwa machanga. Kwa hivyo njaa hiyo inaanza chini. Ya nitrojeni haiji na vidoa hata, inaanzia ncha ya jani na kushuka katikati kama herufi V. Ya magnesiamu ndiyo inadanganya watu, manake manjano yake hukaa katikati ya mishipa na wakati mwingine hukatika-katika kama shanga, na kwa picha ya karibu inafanana kabisa na michirizi. Lakini michirizi ni virusi vinavyoletwa na vidudu vidogo vinavyorukaruka, na vinaonekana kwenye majani yanayotoka baada ya mmea kuambukizwa. Majani yaliyokuwa yameshakomaa hubaki masafi. Juu kuchafu, chini kusafi. Jani lile lile ukilikata ukalipiga picha peke yake, habari hiyo yote imepotea.

Kitu cha pili ni kidole. Pangusa madoa. Kutu iliyoiva huacha unga wa rangi ya chungwa au kahawia kwenye kidole, na ikishaacha hapo mjadala umeisha karibu wote. Lakini kutu changa huanza kama vidoa vidogo vya manjano visivyo na unga wowote, kwa hivyo kidole kisafi leo hakisemi si kutu. Kinasema rudi tena baada ya siku kadhaa. Halafu geuza jani. Utitiri hukaa chini, wadogo kama vumbi linalotembea, na mara nyingi wana utando mwembamba kama wa buibui. Hawa hupenda kiangazi, si wakati mvua za masika zinapiga.

Basi turudi kwa lile jani la grupu, manake aliyetuma aliulizwa mwishowe na akajibu vizuri. Mahindi yana kama wiki sita. Jani ni la tatu kutoka juu. Ya chini ni kijani safi. Vidoa ni vidogo vya mviringo, na kwenye jani jipya zaidi vimeanza kurefuka, vinafuata mishipa kama mistari iliyokatika. Hakuna unga, hakuna utando. Mimea iliyoathirika ni mitano kati ya sitini hivi, imetawanyika upande wa ua wenye nyasi ndefu.

Ona orodha ilivyobadilika. Njaa ya madini imeshuka sana, kwa sababu chini ni safi na mimea michafu imezungukwa na mizima kwenye udongo ule ule. Njaa huja kwa kiraka, haichagui mmoja mmoja. Kutu imeshuka lakini haijatoka. Michirizi imepanda juu kabisa, na zile nyasi zinaiunga mkono, maana vidudu vyake huishi kwenye nyasi kabla ya kuhamia mahindi. Ningeweka pesa yangu hapo. Lakini kuweka pesa si kujua, na yule wa Bomet bado amekaa kwenye kona ya orodha.

Huyo wa Bomet ndiye anayenifanya niwe mkali kwa hili neno "hakika." Ulionekana huko mwezi wa Septemba 2011, na ripoti ya kisayansi ilitoka 2012. Ilionyesha kwamba ni virusi viwili kwa pamoja: kimoja kinachotia mahindi mabaka, kingine kinachojulikana kwenye miwa. Kila kimoja peke yake ni kisumbufu, vikikutana mmea unakufa. Hebu niambie ni jicho gani lingeona kwamba vimo viwili ndani ya jani moja. Ilikuwa kazi ya maabara. Sisi na simu zetu za kioo kilichopasuka ati tunajua kwa sekunde tano.

Sasa watu husema, basi mkulima asubiri maabara huku shamba linaoza? La. Kuna hatua inayofaa hata kama hujajua. Mimea mitano kati ya sitini ni hasara ndogo: ing'oe, fyeka zile nyasi za uani, usinunue dawa ya kuvu, usimwage yurea ya hofu. Hatua hiyo inafaa ikiwa ni michirizi, inafaa pia ikiwa ni kile kibaya zaidi. Kisha funga uzi kwenye mimea mitatu iliyo jirani, na uipige picha kila baada ya siku tano. Majani mapya yakitoka na mistari ile ile, michirizi inazidi kuaminika. Unga ukitokea, umekosea na ni kutu. Majani yakianza kukauka kutoka kingo kuingia ndani na moyo wa mmea ukafa, hapo usibishane na grupu tena. Kituo cha KALRO kiko Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja, waulize jinsi ya kupeleka sampuli ipimwe virusi.

Na picha ya kutuma, jamani: mmea mzima kwanza, halafu jani la juu, jani la chini, na upande wa chini wa jani, yote kivulini. Jua la saa saba likipita nyuma ya jani hufanya hata jani zima lionekane la manjano. Weka kidole kando ya doa tujue ukubwa. Sampuli usiitie kwenye plastiki, itatoka jasho na kuoza kabla hujavuka daraja. Ifunge kwa gazeti, na pembeni uandike tarehe uliyopanda na mbegu uliyotumia.