Anayetuma Bando Si Mwenye Saa

Sehemu ya 1
Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, ila hili siendi kulala nalo. Leo siongelei kliniki. Naongelea simu za video za familia, na ndugu zetu mlioko nje mnisamehe mapema, maana nawasema nyinyi.

Mama yetu yuko Ruangwa, anaishi na mpwa wangu anayesoma kidato cha pili, shule ya kutwa. Mimi nipo Nachingwea, muuguzi wa zamu. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Maskati. Dada yetu mkubwa yuko Minneapolis, Marekani, na watoto wawili wa shule. Watu wa nchi tatu, na kila mtu ana saa yake.

Kwa karibu mwaka mzima simu ilikuwa Jumapili dada akitoka kazini, saa 8 mchana kwake. Majira ya baridi Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 9. Hesabu mwenyewe: kwa mama ni saa 5 usiku. Maskati wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwa mdogo wangu ni saa 6 usiku, na Oman Jumatatu ni siku ya kazi. Mpwa naye Jumatatu saa 12 asubuhi anatakiwa awe njiani kwenda shule.

Nani alikuwa ameridhika na saa hiyo? Mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anatuma hela ya bando.

Sehemu ya 2
Nilipomwambia dada, akanijibu, "Mdogo wangu, nyie huko nyumbani mna muda. Sisi huku tunabanwa."

Sasa hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mama anaamka saa 11 alfajiri. Msimu wa korosho yuko shambani kabla jua halijapanda, anaokota, anabangua mgongo mpaka mchana. Dawa yake ya presha ya jioni anatakiwa ameze saa 2 usiku akalale. Siku za simu alikuwa anaimeza saa 5, kwa sababu akimeza mapema anasinzia kwenye kiti na anaogopa binti yake atamkuta amelala. Siwezi kusema simu ndiyo iliyompandisha presha. Ninachojua ni kwamba kila Jumapili dawa ilikuwa inachelewa saa 3, na sababu ilikuwa sisi wanawe.

Mtu kukosa kadi ya kugonga anapoingia kazini haina maana hana saa za kazi. Shamba lina saa zake, dawa ina saa yake, na mtoto wa kidato cha pili ana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka.

Sehemu ya 3
Halafu kuna hili la lugha ya saa. Siku moja dada aliandika kwenye kundi: "Jumamosi tuonane saa 10." Mama akajifunga kanga nzuri, akakaa saa 10 alasiri, simu mkononi. Kumbe dada amezoea kusoma saa ya Kizungu, alimaanisha 10 ya asubuhi ya kule, yaani saa 4 asubuhi kwa Kiswahili. Ikigeuzwa kuja Ruangwa ni saa 1 usiku. Mama alikaa saa 3 nzima anaangalia kioo, hataki hata kwenda kuteka maji. Simu ilipopigwa chaji imebaki kidogo, wakaongea dakika chache ikazima.

Dada akalalamika, "Mama hapokei simu." Mama akalalamika, "Mwanangu amenisahau." Hakuna aliyekosea kwa moyo. Walikosea kwa kuandika namba tupu. Kwa hiyo kwetu sasa ni marufuku kuandika "saa 10" peke yake. Unaandika siku, saa ya Kiswahili, saa ya kwenye simu, na saa za wapi: Jumamosi, saa 11 jioni, 17:00 ya Tanzania. Mama anasoma ile ya kwanza, watoto waliozaliwa kule wanasoma ile ya pili.

Sehemu ya 4
Tulipangaje? Tulianza na saa ambazo mtu hawezi, badala ya kuuliza nani anapenda saa ngapi. Kila mtu aliandika kazi, shule na usingizi.

Jumapili mpaka Alhamisi mdogo wangu yuko kazini, mapumziko yake ni Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu mpaka Ijumaa watoto wa dada wako shule. Siku inayobaki kwa wote ni Jumamosi. Mpwa ana masomo ya ziada Jumamosi mpaka mchana. Mama baada ya saa 2 usiku asiguswe. Kule Minneapolis, kabla ya saa 2 asubuhi watoto hawaamki.

Ikabaki saa 11 jioni yetu. Maskati ni saa 12 jioni. Minneapolis ni saa 2 asubuhi wakati wa baridi, dada na wanawe wanakunywa chai. Hakuna anayekesha.

Mimi je? Nikiwa zamu ya mchana siwezi kushika simu saa 11, niko wodini. Hapo nakosa, na simu haihamishwi. Saa yangu inabadilika na rosta, ukiifuata saa yangu familia nzima inakuwa ya zamu. Simu ifungwe kwa wenye ratiba isiyohama, sisi wa zamu tutaingia tukipata.

Sehemu ya 5
Jambo la mwisho, na hili ndilo linalovunja mipango ya wengi. Wamarekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi (mwaka 2026 ni tarehe 8) na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi na Oman hatusogezi kitu. Tofauti yetu na Minneapolis inatoka saa 9 inakuwa 8.

Simu ikifungwa kwenye saa ya dada, kila Machi na Novemba ni mama anayehamishwa. Ikifungwa kwenye saa ya Tanzania, ni dada anayetoka saa 2 asubuhi kwenda saa 3, na yeye simu yake inambadilishia yenyewe. Kwenye Google Calendar weka tukio kwa saa za Tanzania, lijirudie kila wiki, kila mmoja ataliona kwa saa ya kwake. Machi hii mama hakujua kama Marekani wamebadilisha saa. Na hana haja ya kujua.

Ramadhani tu ndiyo tulihama, kwa sababu saa 12 jioni Maskati ni kwenye futari. Tulikwenda saa 3 usiku yetu, baada ya tarawehe, mama kwa mwezi huo alikubali mwenyewe.

Msikopi saa yetu. Mwenye ndugu Kalifonia, saa 11 jioni yetu ni saa 12 asubuhi kwake wakati wa baridi, atakuchukia. Kopini utaratibu.

Dada alinuna wiki mbili. Juzi ameniambia watoto wake sasa wanamjua bibi yao akiwa macho, anacheka, nyuma yake kuna mwanga na kuku wanapita. Zamani walimjua bibi wa gizani anayepiga miayo.

Wewe uliye nje, kabla hujapiga leo, angalia kwanza nyumbani ni saa ngapi. Haya, nalala mie.