Kisanduku cha wai-fai kiwekwe katikati ya njia, si pale mtandao ulipokufa

Bunia, Beni, Butembo na kwingineko mashariki mwa Kongo, familia zilizokimbia vita hupokelewa kwenye viwanja vya kanisa na vya shule. Mara nyingi kiwanja kama hicho kina modemu moja tu, na modemu hiyo imefungwa ofisini, karibu na barabara. Wakimbizi wenyewe wako nyuma, kwenye sale kubwa au chini ya mahema, na huko simu haishiki kitu. Mama anayengoja ujumbe wa mume wake aliyebaki kijijini, au anayetaka kusikia habari za redio kwenye simu kwa sababu hana transista, inabidi atoke nje na kusimama chini ya dirisha la ofisi, hata mvua ikinyesha.

Siku mtu wa msaada anapoleta vile visanduku viwili au vitatu vya meshi, furaha inakuwa kubwa. Kisanduku cha kwanza kinaungwa na modemu. Cha pili kinapelekwa moja kwa moja mpaka sale, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikokufa. Kila mtu anaona ni jambo la akili: dawa huwekwa penye kidonda. Kumbe hapo ndipo kazi inapoharibika, na wanaofunga vifaa hivi wangepaswa kuacha desturi hiyo.

Kwanza neno lenyewe linachanganya watu. Kwenye katoni, kisanduku cha pili huandikwa setelaiti. Tangu ARPTC ilipoipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini mwaka 2025, mtu akisikia neno hilo anafikiri juu ya antena inayotazama mbinguni. Kisanduku hiki hakipati chochote kutoka mbinguni. Hakina mtandao wake. Kinasikia kile kisanduku cha ofisini kinachosema, halafu kinakirudia kwa simu zilizo karibu, na maneno ya simu hizo kinayarudisha ofisini. Kazi yake ni ile ya mkalimani kanisani. Mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anarudia kwa Kiswahili. Sasa mtoe mkalimani huyo nje, nyuma ya ukuta, umpe mikro nzuri kabisa. Watu wa nje watasikia sauti yake vizuri, lakini yeye mwenyewe anapata neno moja kati ya matano. Atarudia nini?

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye sale. Simu inaonyesha alama zote za wai-fai zimejaa, na picha haifunguki. Watu wanalaumu kampuni ya mtandao, wanalaumu simu, wanasema mega zimeisha. Lakini alama zile kwenye simu hupima safari moja tu: kutoka simu mpaka kisanduku cha karibu. Safari ya pili, kutoka kisanduku hicho mpaka ofisini, simu haiioni wala haiipimi. Na safari hiyo ndiyo mbovu.

Chukua kiwanja kimoja cha kawaida kwa mfano. Kutoka ofisi hadi sale ni mita 36. Katikati, kwenye mita 18 hivi, kuna depo ndogo yenye baraza. Laini inayoingia ofisini ina nguvu ya megabiti 20 kwa sekunde. Fundi akiwa na simu yenye programu ya kupima wai-fai, ataona namba inayoandikwa kwa dBm, nayo daima ina alama ya kutoa mbele yake. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo ishara inavyokuwa na nguvu. Mezani ofisini anasoma -40. Kwenye baraza la depo, baada ya ukuta mmoja wa matofali, anasoma -62. Ndani ya sale anasoma -82.

Kati ya -62 na -82 mtu anaweza kuona tofauti ndogo, kama bei ya nyanya iliyopanda kidogo. Sivyo. Katika kipimo hiki, kila kushuka kwa 10 ni kupungua mara kumi. Kushuka kwa 20 ni kupungua mara mia. Kisanduku kilichowekwa ndani ya sale kinasikia ofisi kwa sauti iliyo dhaifu mara mia kuliko kile ambacho kingekuwa barazani. Kitashika, ndiyo, kitawasha hata taa yake. Lakini kwa sauti dhaifu namna hiyo vifaa hivi vinalazimika kusema polepole sana na kurudia kila neno lililopotea. Kati ya zile megabiti 20, sale ikipata moja au mbili ni bahati, tena kwa kukatika-katika.

Na hasara haiishii sale. Hewa ni moja kwa wote: kisanduku kimoja kinapochukua muda mrefu kusema neno moja, wengine wanangoja. Ndiyo maana baada ya kufunga kisanduku cha sale vibaya, hata sekretari aliye mita mbili kutoka kwenye modemu anaanza kulalamika kwamba mtandao umekuwa mzito.

Sasa kisanduku kile kile kihamishwe mpaka baraza la depo. Kinasikia ofisi kwa -62, ambayo ni ishara safi. Kutoka barazani mpaka sale zimebaki mita 18, na simu zilizo ndani zinakisikia kwa kama -65. Alama kwenye simu zitapungua: zilikuwa nne, sasa ni tatu, kwenye pembe ya mbali labda mbili. Hapa ndipo kelele huanza, kwa sababu watu wataona fundi amewanyang'anya mtandao. Lakini picha zinafunguka, sauti ya redio haikatiki, na pesa inayotumwa kwa simu inaingia bila kurudia mara tatu. Megabiti kumi zinaweza kufika, pengine na zaidi kidogo. Ishirini zote hazitafika, maana visanduku vingi vya bei ndogo hutumia redio moja kusikia na kurudia, na muda wa kusikia haurudii. Hata hivyo kumi zinazotulia zinashinda moja inayokatika.

Neno katikati nalo lisichukuliwe kwa kamba ya kupimia. Hewa wazi haisumbui sana; kuta ndizo zinazokula ishara. Kama upande wa ofisi kuna kuta mbili za matofali na upande wa sale ni dirisha wazi tu, katikati ya kweli iko karibu zaidi na ofisi. Bati ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linairudisha ishara kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kisanduku kilicho nyuma ya ukuta wa mabati hakisikii kitu hata kikiwa mita tano. Tangi kubwa la maji na miti yenye majani mengi navyo hupunguza. Kwa hiyo fundi atembee na simu yake kutoka ofisini kuelekea sale, asome namba polepole, na pale inapofika kati ya -60 na -67 asimame. Hapo ndipo mahali pa kisanduku, hata kama kamba inasema katikati ni hatua kumi mbele. Asipokuwa na uhakika, akirudishe nyuma kuelekea ofisi, asikisogeze mbele.

Tena apime sale ikiwa imejaa. Miili ya watu hunywa ishara, na sale ya watu mia mbili siku ya kugawa chakula si ile aliyoiona asubuhi ikiwa tupu. Namba ya -65 inaweza kushuka mpaka -72 bila mtu yeyote kugusa kifaa.

Kuna jambo ambalo mafundi hawapendi kulisema wazi. Mara nyingi kisanduku hupelekwa sale si kwa sababu ya elimu, ni kwa sababu ya prizi. Sale ina umeme wa sola. Baraza la depo halina. Basi kifaa kinafuata umeme badala ya kufuata ishara. Inaeleweka, lakini waya wa umeme wa mita 18 ni bei ndogo kuliko kisanduku kingine cha meshi. Waya huo ubebe umeme wenyewe mpaka barazani, na ile adapta ndogo ichomekwe pale pale karibu na kifaa. Wanaoiacha adapta ofisini na kurefusha upande wake wa volti 12 kwa waya mwembamba wa spika huona kifaa kinazima na kuwaka chenyewe, kwa sababu volti zinapotea njiani. Na kama modemu iko kwenye batri ya sola, kisanduku nacho kiwe kwenye batri hiyo. La sivyo umeme wa mji ukikatika, ofisi inabaki na mtandao, sale inabaki giza.

Wizi nao ni swali la kweli. Baraza liko wazi, watu wanapita usiku. Kisanduku kinaweza kufungwa juu chini ya paa, ndani ya sanduku la mbao au plastiki, ila si la chuma, maana chuma kitakifunga mdomo.

Yapo mazingira ambamo kukiweka ndani ya sale ni sahihi kabisa. Kama kuna waya wa mtandao uliotandikwa kutoka ofisini mpaka sale, kisanduku hakitegemei tena kusikia hewani. Kinapewa neno mkononi. Waya huo hufanya kazi vizuri mpaka mita 100, na kwa kiwanja cha mita 36 ndio ungekuwa chaguo la kwanza ukipatikana, hasa ukizikwa ndani ya bomba la plastiki ili jembe lisiukate. Wenye kutoa msaada wananunua kisanduku cha tatu na cha nne wakati kilichokosekana ni waya. Kisanduku cha tatu kikisikia cha pili, na cha pili kikisikia cha kwanza, kila mruko unakula sehemu yake, na mtu wa mwisho kwenye mlolongo anabaki na makombo.

Kabla ya yote hayo, kipimo cha kwanza kifanyike mita mbili kutoka kwenye modemu. Kama hapo penyewe video haitembei, tatizo ni laini au mega, na hakuna mahali pa kisanduku patakapolirekebisha. Kama hapo inatembea vizuri, fundi aende kando ya kisanduku cha pili, arudie kipimo kile kile. Ikianguka hapo, alama zikiwa zimejaa, hahitaji kununua chochote. Akichomoe, akirudishe hatua kumi kuelekea ofisi, apime tena mbele ya wale watakaokitumia.